Tangazo la Saa Iliyotumika Lisiloficha Kitu

"Seiko 5 orijino, otomatiki, haina shida yoyote, kama mpya. Nauza kwa dharura. Bei njoo inboksi."

Tangazo la namna hii halikosi mtandaoni siku yoyote ile. Picha ni moja, imepigwa usiku chini ya taa, na kioo kinang'aa hata uso wa saa hauonekani vizuri. Ukilisoma mara ya pili utagundua kwamba muuzaji hajasema kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukikagua. Hajataja umri wa saa, hajasema imewahi kufunguliwa na nani, wala inakwenda mbele au inarudi nyuma kwa kiasi gani. Hata bei ameificha, ili kwanza aone mteja ana sura ya pesa au hana.

Si lazima muuzaji huyo awe tapeli. Wengi huandika hivyo kwa sababu hawajui saa yao ina nini, na kwa sababu wanaamini kwamba kutaja kasoro ni kumfukuza mteja. Tuone basi mtu anayetaka kuandika ukweli wote afanye nini, kuanzia siku anayoitoa saa kwenye droo hadi anapoandika bei.

Nimechagua Seiko 5 kwa sababu ndiyo saa ya otomatiki ambayo watu wengi wa kawaida wanaimudu. Jina hilo lilianza Japani mwaka 1963. Saa nyingi zinazouzwa leo zikiwa zimetumika zina mashine iitwayo 7S26, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996. Haina betri wala haitiwi ufunguo kwa vidole. Ndani yake mna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapotikisika, nacho ndicho kinachokaza springi. Usipoivaa, inasimama.

Saa yetu ya mfano ilinunuliwa Maskati mwaka 2008 na mjomba wa muuzaji. Siku za wiki zimeandikwa kwa Kiarabu upande mmoja na kwa Kiingereza upande mwingine, kama zilivyo nyingi zilizouzwa nchi za Ghuba. Mjomba aliivaa kwa miaka, akampa mpwa wake wa Dar es Salaam, na sasa mpwa anataka kuiuza.

Kazi ya kwanza ni kuigeuza na kusoma mgongo. Pale pana namba mbili. Moja inaanza na 7S26, ikifuatiwa na kistari na alama nne. Hiyo inataja mashine na aina ya kasha. Nyingine ina tarakimu sita, na hiyo ni ya saa hiyo peke yake. Tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, na ya pili ni mwezi. Saa yetu inaanza na 83, maana yake ni mwezi Machi wa mwaka unaoishia na 8. Hapo pana mtego, kwa sababu mwaka huo unaweza kuwa 1998, 2008 au 2018. Namba peke yake haiamui. Mpwa ana bahati kwamba mjomba alitunza kadi ya dhamana yenye muhuri wa duka na tarehe ya 2008, na kwa hiyo anaweza kutaja mwaka na kuonyesha kwa nini anautaja. Asingekuwa na kadi, uungwana ungemtaka aandike kuwa ni ya 2008 kwa anavyoamini yeye, kisha anyamaze. Katika picha aiache namba ionekane, ila tarakimu mbili za mwisho azifunike kwa kidole, mtu mwingine asije akaichukua picha hiyo na kujifanya saa ni yake.

Baada ya mgongo, uso. Chini kabisa, karibu na namba 6, pana maandishi madogo mno yanayohitaji lenzi au kamera ya simu iliyokuzwa. Humo pia huwa mna 7S26 na alama zake nne, nazo mara nyingi hufanana na za mgongoni. Zisipofanana, huenda uso huo umetoka kwenye saa nyingine. Kuna saa nyingi za Seiko 5 zilizokusanywa kutoka vipande vya saa tofauti na kupakwa uso rangi upya, nyingi kutoka India, zikauzwa kwa bei ndogo duniani kote. Utazitambua kwa herufi nene zisizonyooka, kwa rangi za machungwa au bluu kali ambazo Seiko haikuzitoa katika aina hiyo, na kwa misumari ya dakika isiyong'aa gizani ilhali mishale inang'aa. Saa kama hiyo inatembea na inaweza kuvaliwa. Kuiita orijino ndiko kuliko uongo, hata kama muuzaji aliinunua kwa moyo safi.

Sasa tupime mwendo. Hapa ndipo wauzaji wengi huandika "inashika majira vizuri" na kupita, ingawa kipimo hakihitaji kifaa chochote zaidi ya simu na subira ya wiki moja. Jumatatu saa 2 usiku mpwa anaangalia saa ya simu, anaona saa ya mjomba iko mbele kwa sekunde 8. Anaandika. Haigusi tena, anaivaa mchana na kuilaza usiku kama kawaida yake. Jumatatu inayofuata, saa ile ile, iko mbele kwa sekunde 120. Imeongeza sekunde 112 kwa siku 7, yaani sekunde 16 kwa siku. Kiwango cha kiwanda kwa mashine hii ni kati ya kuchelewa sekunde 20 na kuwahi sekunde 40 kwa siku, kwa hiyo sekunde 16 si ugonjwa. Lakini aiandike, kwa sababu mnunuzi aliyezoea saa ya betri ataishtukia baada ya siku nne na kudhani ameuziwa mbovu. Ingekuwa inawahi kwa dakika nzima au zaidi kwa siku, jambo la kwanza la kushuku lingekuwa sumaku, labda ya spika au ya kifuniko cha simu, nayo fundi huiondoa kwa muda mfupi tu.

Kipimo cha pili ni akiba. Springi ikiwa imejaa, 7S26 hutembea kama saa 41 bila kuvaliwa. Mpwa ameivaa Jumamosi kutwa, akaivua saa 2 usiku na kuiacha mezani. Ingekuwa na afya kamili ingefika Jumatatu saa 7 mchana. Yake imesimama Jumatatu saa 11 alfajiri, baada ya saa 33. Anajuaje, na yeye alikuwa amelala? Mishale yenyewe imebaki pale iliposimama. Kabla ya kuilaumu mashine lazima ajiulize kama siku ile alitembea vya kutosha. Mashine hii haiwezi kujazwa kwa kuzungusha kitufe cha pembeni, na mtu aliyeshinda ameketi ofisini huenda hakuijaza springi. Amerudia kipimo Jumamosi nyingine baada ya kutwa nzima ya kuhamisha vyombo vya nyumbani, na matokeo ni yale yale. Sasa anaweza kuandika saa 33 bila wasiwasi. Sababu kubwa ya upungufu huo katika saa ya umri huu ni mafuta yaliyokauka, au vijino vinavyokaza springi vilivyolika.

Kipo kitu kingine cha kujaribu, nacho ni tarehe na siku. Mashine hii ina njia ya haraka ya kubadili tarehe kwa kuvuta kitufe nusu. Kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri njia hiyo haitakiwi kutumiwa, maana meno ya kubadilishia tarehe yanakuwa yameshashikana, na ukilazimisha unavunja kijigurudumu chake. Wengi hawajui, na wengi wamekivunja. Basi mpwa aangalie kama tarehe inaruka yenyewe usiku na kama njia ya haraka bado inafanya kazi, kisha aandike yote mawili. Yake inafanya kazi.

Tunafika kwenye neno linalotumika vibaya kuliko yote, "sevisi". Fundi mmoja akisema ameifanyia saa sevisi, anaweza kumaanisha amefungua mfuniko na kusogeza kijiti cha kurekebisha mwendo. Mwingine anamaanisha amedondosha mafuta huku na huku bila kufungua mashine, jambo ambalo linaiumiza saa kuliko kuiacha, kwa kuwa mafuta mapya yanachanganyika na uchafu wa zamani na kuugeuza kuwa tope la kusagia vyuma. Sevisi kamili ni mashine kutolewa ndani ya kasha, kufumuliwa yote, kuoshwa, kuunganishwa upya na kutiwa mafuta ya aina zaidi ya moja, jepesi penye mwendo wa kasi na zito penye mwendo wa polepole, kisha kupimwa katika mikao mbalimbali. Tangazo linalosema "ilifanyiwa sevisi 2022" bila kueleza ni ipi kati ya hizo halijasema kitu.

Saa ya mjomba haijawahi kufumuliwa. Mwaka 2015 ilianguka, kioo kikapasuka, fundi akaweka kingine cha kawaida badala ya kile kigumu cha Seiko. Mwaka 2022 ilifunguliwa kurekebishwa mwendo, na hapo ndipo historia yake inapokwisha. Muuzaji anaona haya kuandika kwamba saa ya 2008 haijapata sevisi kamili hata mara moja. Mimi namwambia hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote katika tangazo lake, kwa sababu mnunuzi anayezijua saa angeuliza jambo hilo kabla ya lingine lolote, na asipopata jibu angejijibu mwenyewe kwa ubaya zaidi.

Katika kundi hili la saa kuna jambo la kiuchumi ambalo halipo kwenye saa za bei kubwa. Gharama ya sevisi kamili inaweza kukaribia bei ya saa yenyewe ikiwa imetumika. Ndiyo maana mafundi wengi hawaifumui 7S26. Wanaitoa na kuweka mashine nyingine mpya ya ukoo huo huo, mara nyingi NH36, ambayo inakazwa pia kwa kitufe na mshale wake wa sekunde husimama ukivuta kitufe. Si dhambi. Kwa mvaaji ni nafuu, na kwa mkusanyaji ni hasara. Muuzaji mkweli anaandika tu kwamba mashine si ile iliyotoka nayo kiwandani. Asipoandika, mnunuzi makini ataijua kwa kuvuta kitufe: sekunde ikisimama kwenye saa ambayo mgongo wake unasema 7S26, mashine imebadilishwa.

Kasoro za nje ni rahisi, mradi picha zipigwe mchana karibu na dirisha, jua lisiwe kali. Apige uso, mgongo, pande mbili za kasha, kitufe kwa karibu, kifungio cha mkanda, na moja ya mkanda uliolazwa kando ya rula. Mkanda wa saa yetu umepunguzwa pingili mbili na hazipo tena, kwa hiyo unamfaa mtu mwenye mkono usiozidi sentimita 17. Anayeacha kulisema hilo atamsafirisha mtu kutoka Bagamoyo kuja kuvaa saa isiyofunga. Kioo kina mkwaruzo mfupi karibu na namba 2. Kasha lina michubuko ya kawaida, na halijasuguliwa kung'arishwa. Hilo la mwisho ni sifa njema, kwani kasha lililosuguliwa mara nyingi hupoteza kona zake kama sabuni iliyotumika.

Kuhusu maji naomba nisisitize, kwa kuwa hapa Pwani ndipo saa nyingi zinapofia. Mgongoni pameandikwa kuwa saa inavumilia maji. Maandishi yale yanaeleza saa mpya yenye mipira mipya. Mpira wa mfuniko na ule wa kitufe huzeeka, na jasho la Dar es Salaam lina chumvi. Baada ya mwaka 2022, mfuniko ulipofunguliwa, hakuna aliyeijaribu saa hii kwenye maji. Aandike isiingizwe majini kabisa. Asipime mwenyewe kwa kuitumbukiza kwenye bakuli.

Sasa bei. Nitatumia shilingi za Tanzania, na tarakimu hizi ni za mfano, kuonyesha njia ya hesabu. Mpwa hatakiwi kuanza na bei ambazo watu wanaitisha, kwa sababu kuitisha ni bure. Atafute zilizouzwa kweli: aulize wauzaji wawili watatu, amuulize fundi wake. Tuseme amepata kwamba Seiko 5 ya rika hilo, yenye afya na michubuko ya kawaida, inatoka kwa 200,000. Sevisi kamili kwa fundi anayeaminika ni 70,000, mipira mipya ikiwemo. Inabaki 130,000. Kioo kisicho cha kwanza na chenye mkwaruzo anakitolea 10,000, na pingili mbili zilizopotea 10,000. Inabaki 110,000. Michubuko ya kasha haitolewi chochote, maana zile za 200,000 nazo zilikuwa na michubuko. Kuitoa ingekuwa kuihesabu mara mbili.

Halafu kuna kitu ambacho wauzaji wengi hukisahau. Mnunuzi anabeba usumbufu wa kwenda kwa fundi, na anabeba hatari kwamba fundi akiifumua atakuta kingine kimelika. Hatari hiyo ina bei. Mpwa anaitolea 10,000 na kufikia 100,000. Na kadi ya dhamana je? Alitaka kuiongezea 20,000. Dhamana ilikwisha zamani. Kadi inathibitisha umri na itaifanya saa iuzike haraka, lakini sidhani kama kuna atakayeilipia. Bei ambayo mjomba alilipa Maskati nayo haimo kwenye hesabu, wala mapenzi ya mjomba.

Kwa nini asiifanyie sevisi kwanza, auze 180,000? Angeweza. Ila angelipa 70,000 mfukoni mwake ili abaki na 110,000 mwishoni, yaani 10,000 tu zaidi, na hatari ya kukuta kilicholika ingekuwa yake. Anayetaka pesa mwezi huu auze ilivyo.

Tangazo lake basi lisomeke hivi:

"Nauza Seiko 5 ya otomatiki, mashine 7S26, uso mweusi, siku kwa Kiarabu na Kiingereza. Imetengenezwa Machi 2008. Kadi ya dhamana ipo na iko kwenye picha. Namba ya uso na ya mgongo zinafanana. Mimi ni mmiliki wa pili, wa kwanza ni mjomba wangu. Inawahi sekunde 16 kwa siku, nimepima wiki moja. Ikivuliwa inakaa saa 33, badala ya 41 za saa mpya. Tarehe na siku zinabadilika vizuri. Haijawahi kupata sevisi kamili. Mwaka 2015 iliwekwa kioo kisicho cha Seiko, nacho kina mkwaruzo karibu na 2. Mwaka 2022 ilifunguliwa kurekebishwa mwendo. Usiiingize majini. Mkanda ni wa kwake, umepungua pingili mbili, mwisho sentimita 17. Kasha halijasuguliwa. Bei 100,000: nzima huuzwa karibu 200,000, nimetoa 70,000 za sevisi, 20,000 za kioo na mkanda, 10,000 za lolote nisiloliona. Niko Ilala. Tukutane kwa fundi umtakaye, afungue mgongo mbele yetu."

Mazoea ya kwetu yatamlazimisha mteja aombe kupunguziwa hata hivyo. Aombe. Ila sasa mazungumzo yana pa kushikia. Akisema sevisi kwa fundi wake ni 90,000, hiyo ni hoja na inafaa kusikilizwa. Akisema tu "fanya 60", muuzaji anamuuliza ni mstari upi wa hesabu anaoupinga.

Upande wa sheria, maneno hayo yana uzito. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ya Tanzania na hata ya Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Mtu binafsi anayeuza saa yake moja habanwi kuhusu ubora kama anavyobanwa mwenye duka, kwa hiyo kinga kubwa ya mnunuzi ni maneno yaliyoandikwa. Anayenunua alipige picha tangazo kabla halijafutwa. Muuzaji naye anakingwa na maneno hayo hayo: aliyesoma kwamba isiingizwe majini, kisha akaoga nayo Kigamboni, hana pa kwenda kulalamika.

Wiki mbili zikipita bila simu, mpwa asianze kufuta kasoro kwenye tangazo. Aishushe bei kwa 5,000 au 10,000 na aandike tarehe aliyoishusha. Na akipima tena akakuta saa sasa inakaa saa 29 badala ya 33, abadilishe namba hiyo pia.